Dogo wa sosho midia kwenye duka la mapazia: kwa nini alianza na inboksi, posti zikafuata baadaye

Kisa chenyewe ni cha duka la mapazia na mashuka hapa Dar, pande za Sinza, duka la kawaida tu, mama mwenye duka, mafundi wawili wa kushona, binti wa kaunta, na akaunti za Instagram, Facebook, TikTok na WhatsApp Business ambazo zote zilikuwa kwenye simu ya mama. Mauzo mengi yanaanzia huko mtandaoni, mama akawa hapati usingizi, akaamua kuajiri kijana wa kushika sosho midia. Nikaitwa nimsaidie kumpokea yule kijana, na hapa nitamuita dogo tu. Kamaliza chuo, anajua kuediti video vizuri, kazi ya kulipwa hajawahi kufanya.

Maduka mengi siku ya kwanza dogo anapewa pasiwedi zote na kuambiwa "posti mara mbili kwa siku". Yaani anakabidhiwa vitu viwili vya mwisho kabisa ambavyo angetakiwa kupewa. Posti mbaya unaifuta, watu wanasahau. Jibu baya la inboksi linaondoka na mteja na hela yake, tena kimyakimya, huwezi hata kujua. Kwa hiyo tukageuza mpangilio: wiki ya kwanza kusoma inboksi na kuijua bidhaa, ya pili kujibu, ya tatu ndio kuposti, matangazo ya kulipia yakasubiri kabisa. Na ruhusa za kuingia kwenye akaunti zikafuata ngazi hiyohiyo, hazikutolewa zote kwa mkupuo.

Wiki ya kwanza dogo hakupewa akaunti hata moja. Alichukia kidogo, nilimuona, alikuja na simu imejaa aidia za rili. Alipewa futi ya kupimia na kukaa na mafundi siku mbili. Hii sio adhabu, ngoja nieleze. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa kama mita 2.8, na ule upana ndio unageuzwa unakuwa urefu wa pazia kutoka juu mpaka chini. Mita unazonunua zinafuata upana wa dirisha, na ili pazia likunjike vizuri unachukua karibu mara mbili ya dirisha. Dirisha la mita 1.5 linakula mita 3 za kitambaa. Sasa mteja akiuliza "bei?" na wewe ukajibu "elfu 12", wewe unamaanisha mita moja, yeye kaelewa pazia zima. Anakuja dukani na elfu 12 yake, anaambiwa kitambaa tu ni 36,000 bado kushona, bado fimbo. Anaondoka anasema hawa matapeli. Mama alikuwa analalamika kila siku kwamba wateja wa mtandaoni "wanakuja kushangaa bei", na kumbe chanzo ni hicho, sio ushamba wa wateja.

Baada ya mafundi, dogo akakaa na simu ya duka, mama au binti wa kaunta akiwa pembeni, akasoma mazungumzo ya mwezi uliopita. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye daftari kila swali linalojirudia na kutiki kila likitokea tena. Yakatoka machache tu: bei, mnapatikana wapi, mnatuma mkoani, mnakuja kupima nyumbani, rangi fulani ipo, inachukua siku ngapi. Hayo ndio yakawa mtihani wake wa Ijumaa, akaandika majibu yake kwa mkono, mama akayasahihisha kwa kalamu nyekundu, na majibu yaliyopita yakaingizwa kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business na kwenye inboksi ya Meta Business Suite. Jibu la bei likawa hivi: "Karibu sana. Kitambaa hiki ni 12,000 kwa mita. Dirisha lako lina upana gani? Nikipata kipimo nakupigia hesabu yote, kitambaa, kushona na fimbo." Mteja anajibu na kipimo, hapo tayari mna mazungumzo.

Cheklisti ya wiki hiyo ilikuwa karatasi moja imebandikwa ukutani, na kila mstari una kitu cha kuonyesha mkononi:

- Kupima madirisha matatu na kupiga hesabu bila kuuliza fundi
- Daftari la maswali yanayojirudia
- Majibu sita yaliyosahihishwa na mama
- Kutaja bila kusoma: nani anaruhusu punguzo, nani anaruhusu kurudisha hela, namba ya malipo iko wapi

Utaona hakuna mstari unaosema "kuielewa brandi". Kitu ambacho huwezi kukishika na kusema kipo au hakipo, kwenye cheklisti hakisaidii, dogo atatiki tu akupendezeshe na wewe utasaini.

Sasa tuje kwenye ruhusa. Mama alikuwa na pasiwedi moja ya kila kitu, jina la mwanae na mwaka wa kuzaliwa, na barua pepe ya akaunti ya Instagram ilikuwa ya kijana aliyemfungulia zamani ambaye hata namba yake haipatikani. Hiyo ndio ilikuwa kazi ya kwanza kabla dogo hajagusa chochote. Barua pepe ikabadilishwa kuwa ya duka, pasiwedi zikabadilishwa kila akaunti na yake, uthibitisho wa hatua mbili ukawashwa kwa kutumia app inayotoa namba za kuthibitisha kwenye simu ya mama badala ya meseji, maana laini ikiibiwa au ikisajiliwa upya kwa mtu mwingine meseji zote zinaenda kwake. Zile namba za akiba za kuingilia Instagram inazokupa, zikaprintiwa na kuwekwa kwenye bahasha, pamoja na leseni ya biashara.

Upande wa Facebook na Instagram mambo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, dogo hahitaji pasiwedi. Unaunganisha Instagram na peji, halafu kwenye mipangilio ya Meta Business Suite unamuongeza kama mtu, unachagua ruhusa ya sehemu, unamuwashia kitu kimojakimoja: Messages kwa inboksi, Community activity kwa komenti, Content kwa kuposti, Ads kwa matangazo, Insights kwa takwimu. Wiki ya pili aliwashiwa mbili za kwanza tu. Ruhusa kamili ya peji hapewi, maana mwenye ruhusa kamili anaweza kuongeza na kutoa wengine, siku mkikosana unajikuta mgeni kwenye peji yako mwenyewe.

Kuna jambo watu wanalisahau hapa. Dogo anaingia kwenye Business Suite kwa akaunti yake binafsi ya Facebook, kwa hiyo akaunti yake ikidukuliwa mdukuzi anaingia dukani kupitia yeye. Sharti la kuwashiwa ruhusa likawa na yeye awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake, mbele yetu, sio kwa ahadi.

WhatsApp ni tofauti na hapa hakuna ujanja. Ile app ya bure haina ruhusa ya sehemu, kifaa ukikiunganisha kinasoma mazungumzo yote. Tukaamua iunganishwe kwenye laptopu ya duka tu, haitoki dukani, na simu yenye laini inabaki kwa mama. Simu hiyo isikae imezimwa muda mrefu, maana ikipita siku 14 bila kutumika vifaa vilivyounganishwa vinajitoa vyenyewe. Kwa TikTok na kwa zile rili zinazohitaji muziki au stika za stori ambazo Business Suite haikupi zote, ikanunuliwa simu ya ofisi, used, dogo anaichukua asubuhi anairudisha jioni. Mama alilalamika gharama. Nikamuuliza akaunti ya wateja wote hawa ikiishi kwenye simu binafsi ya dogo, na simu ikapokonywa kwenye daladala, itakuwaje? Akanunua.

Na namba ya malipo dogo haibadilishi, haiandiki kwa kichwa, haitungi. Iko kwenye wasifu wa akaunti na kwenye jibu moja la haraka ambalo mama pekee ndiye anaruhusu liguswe. Kuna watu wanaiba picha za duka, wanafungua akaunti inayofanana, wanakomenti chini ya posti zako "oda tuma hapa" na namba yao. Kila asubuhi kitu cha kwanza dogo anapita komenti za posti za karibuni anatafuta hao, anawaficha, anawaripoti. Na kwenye jibu la malipo kuna mstari unaomwambia mteja aangalie jina linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, likitofautiana na la duka asitume.

Wiki ya pili ndio ikaja ile meseji maarufu. Inboksi ya peji, akaunti yenye nembo ya Meta, Kiingereza kigumu, maana yake kwamba duka limekiuka hakimiliki, peji itafungwa ndani ya saa 24, bonyeza linki kukata rufaa. Dogo aliogopa, akanipigia sauti inatetemeka. Nikamwambia afanye vitu viwili: afungue mwenyewe sehemu ya Support Inbox kwenye Facebook aone kama kuna onyo lolote, halafu aangalie aliyetuma ni nani. Hakukuwa na onyo, na aliyetuma ilikuwa peji ya kawaida tu yenye jina la kutisha. Meta ikiwa na jambo na wewe haiji kama mteja anayeuliza bei ya shuka. Cha msingi ni kwamba hata angebonyeza, pasiwedi ya Instagram ya duka asingeweza kuitoa kwa sababu hakuwa nayo. Hofu ni kitu cha kawaida kwa mgeni kazini, kwa hiyo usitegemee ujasiri wake, mpangilio wenyewe ndio umkinge.

Kujibu inboksi wiki hiyo kulikuwa na mipaka mitatu na tuliirudia mpaka ikamkaa. Yale maswali ya daftari anajibu mwenyewe. Punguzo, oda ya haraka, kipimo kisicho cha kawaida, anamwambia mteja "naomba nikuulizie nakurudia kabla ya saa kumi", na anarudi kweli. Kurudisha hela, matusi, mtu anayesema ni mwandishi au wa serikali, haongezi neno zaidi ya salamu na kwamba mhusika atampigia, anamuita mama.

Huu mpaka wa tatu ulivunjwa. Mteja wa Morogoro kapokea pazia, rangi aliyoiona kwenye picha ni kijivu, lililofika linaelekea bluu, kaja kwenye komenti amewaka, watu wanasoma. Dogo akataka kuzima moto, akaandika palepale hadharani, "pole sana dada, tutakurudishia hela yako yote leo." Pazia limeshakatwa na kushonwa kwa kipimo cha dirisha lake, huwezi kumuuzia mwingine. Mama alipoona alitaka kumjibu dogo kwenye komenti hukohuko, bahati binti wa kaunta akamzuia.

Tulivyolimaliza: mama akampigia yule dada, ahadi ikaheshimiwa nusu kwa makubaliano, akashonewa jingine kwa bei ya kitambaa tu, na yeye mwenyewe akarudi kwenye komenti kusema wameelewana. Lakini cha kuangalia ni chanzo. Picha ilipigwa usiku chini ya taa ya dukani na ikawekewa filta. Kwa hiyo kwenye cheklisti ya wiki ya tatu ukaongezeka mstari: picha ya kitambaa inapigwa mlangoni mchana, bila filta, na kapsheni inataja rangi kwa jina lile ambalo mafundi wanaliita. Dogo aliambiwa kosa lake ni lipi pia, ahadi ya hela sio yake kutoa. Ila ukimfokea kwa ahadi ukaacha filta, mwezi ujao komenti ileile inarudi na jibu zuri zaidi.

Hapo nije kwenye mrejesho, maana kwa maoni yangu ndio palikuwa pagumu kuliko ruhusa zote. Mama ana tabia, na sio yeye tu, mabosi wengi wanayo, ya kutuma voisi saa nne usiku. "Mwanangu ile posti ya leo sijaipenda." Dakika kumi baadaye nyingine, "halafu mbona hujaposti yale mashuka." Asubuhi nyingine ina kinyume cha ile ya usiku. Dogo anaamka na maagizo saba hajui la kwanza lipi, anaanza kuposti kwa kubahatisha kipi hakitamletea voisi. Ukiona kijana ameacha kabisa kupendekeza kitu na kila saa anauliza "mama hii niposti?", ujue tayari yuko hapo.

Tukakubaliana kuna vitu vya moto na vitu vya Ijumaa. Vya moto ni bei iliyokosewa, namba ya malipo, mteja kutukanwa, na picha ya mtu iliyowekwa bila ruhusa yake. Hivyo mama anapiga simu muda wowote. Vingine vyote, kapsheni hajaipenda, muziki, rangi ya maandishi, anaviandika kwenye karatasi yake vinasubiri. Wiki ya kwanza alijaza karatasi mbili. Akasema mwenyewe kwamba nusu ya alivyoandika Jumanne, Ijumaa hakuona tena sababu ya kuvisema.

Kikao cha Ijumaa ni nusu saa, mchana baada ya kula, wamekaa upande mmoja wa meza wanaangalia skrini moja. Wanafungua vitu vitatu tu. Posti moja ambayo dogo anachagua, mazungumzo mamoja ambayo mama anachagua, na namba moja. Namba sio wafuasi. Namba ni mazungumzo mangapi ya wiki hii yalifika kwenye kupiga hesabu ya dirisha, yaani mteja alitoa kipimo akapewa jumla. Dogo anawawekea lebo kwenye WhatsApp, kwa hiyo kuhesabu ni dakika mbili. Wafuasi wanaweza kupanda kwa sababu ya kichekesho kimoja cha TikTok na mafundi wakakaa bila kazi.

Na namna ya kusema ina uzito. Ijumaa ya pili mama alifungua komenti moja, mteja kauliza "bei?", dogo kajibu "karibu inboksi" na imoji ya kucheka. Mama akaanza, "haya majibu yako ya kivivu." Nikamuomba aanze upya: nini kimeandikwa, mteja alifanya nini baada ya hapo, wiki ijayo kiwe nini. Wakaangalia, mteja hakuja inboksi. Wakapita wengine waliojibiwa hivyohivyo, wengi hawakuja. Dogo mwenyewe akasema, "mama si ulisema bei tusiweke wazi, washindani wataona?" Kweli alisema. Kwa hiyo aliyekuwa anahitaji kubadilika Ijumaa hiyo sio dogo. Wakakubaliana kapsheni iandike bei ya mita na mfano wa dirisha moja la mita 1.5, na washindani waone, bei za Kariakoo kila mtu anazijua.

Wiki ya tatu akawashiwa Content. Ratiba ya posti inajazwa Jumatatu kwenye Planner ya Business Suite, mama anapitia yote kwa mara moja kabla ya saa sita, baada ya hapo hakuna kubadilisha mpaka kitu cha moto kitokee. Hapa palikuja suala la picha za nyumbani kwa wateja. Dogo alikuwa na skrinshoti nzuri sana, mteja anasifia, picha ya sebule, na juu namba yake ya simu inaonekana yote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, sebule ya mtu ni ya mtu. Sasa kuna meseji fupi ya kuomba ruhusa, jibu la ndio linahifadhiwa kwenye folda pamoja na picha, na jina na namba vinafichwa hata kama karuhusu.

Wiki ya nne haikuwa na mengi, alipewa Insights, akafundishwa kusoma ni posti ipi watu waliihifadhi na kuituma kwa wenzao, basi.

Matangazo ya kulipia aliyapata mwezi wake wa tatu kazini, baada ya Ijumaa nne mfululizo bila kitu cha moto. Kadi ni ya mama, na kwenye akaunti ya matangazo kuna kikomo cha matumizi kimewekwa, hela ikifika hapo matangazo yanasimama yenyewe mpaka mama akiongeze. Kabla ya kubusti chochote anajibu swali moja kwa maandishi: hili tangazo likileta watu 50 inboksi Jumamosi, nani anawajibu?

Hilo swali bado halijapata jibu zuri. Meseji ya kuwa hatupo hewani inawaambia wateja wa usiku kwamba watajibiwa saa mbili asubuhi, na wengi wanasubiri, ila Jumapili dogo anapumzika na mama yuko kanisani mpaka mchana. Kwa sasa hawabusti kitu kuanzia Ijumaa jioni. Karatasi ya siku dogo atakapoondoka imeshaandikwa na ameisaini akiwa bado yupo na roho nyeupe: kumtoa kwenye Business Suite, kubadilisha pasiwedi za Instagram na TikTok zilizokuwa kwenye simu ya ofisi, kuzitoa akaunti kwenye vifaa vyote zilikofunguliwa, kuondoa laptopu kwenye WhatsApp na kuiunganisha upya. Mama anaifanya mwenyewe kwa mkono wake, na ameshaifanyia mazoezi mara moja, dogo akimuelekeza wapi pa kubonyeza.